Itifaki ya mapitio ya wigo kuhusu afya ya akili ya wasichana balehe: kuweka vigezo na kuandaa jedwali la kuchotea data

Mapitio ya wigo hayaulizi tiba ipi inafanya kazi kuliko nyingine. Yanauliza kimeandikwa nini, wapi, kuhusu nani na kwa vipimo gani, kisha yanaonyesha mahali ambapo hakuna aliyegusa. Kwa sababu swali ni pana, makala zinazoingia ni za kila aina, na hapo ndipo timu nyingi hukwama: katikati ya mchujo zinagundua kwamba hazijakubaliana msichana balehe ni nani. Mwongozo huu unakaa zaidi kwenye sehemu mbili za itifaki zinazoamua mengine yote, yaani vigezo vya kujumuisha na kuondoa, na jedwali la kuchotea data. Sehemu nyingine tutazipitia haraka.

Mfano tutakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni huu: afya ya akili ya wasichana wa miaka 10 hadi 19 nchini Kenya, Uganda na Tanzania, katika mazingira yenye rasilimali haba, kwa machapisho ya kuanzia mwaka 2008.

Hatua ya 1: Swali na mahali pa kulisajili

Taasisi ya JBI inashauri swali la mapitio ya wigo lijengwe kwa nguzo tatu: kundi, dhana na muktadha. Kwetu, kundi ni wasichana wa miaka 10–19, dhana ni afya ya akili, na muktadha ni nchi hizo tatu. Usiongeze nguzo ya matokeo wala ya kulinganisha matibabu. Hizo ni za mapitio ya kimfumo, na ukiziweka hapa utajikuta unaondoa makala ambazo swali lako linazihitaji.

Mwaka wa kuanzia lazima uwe na sababu. "Miaka kumi iliyopita" si sababu. Sisi tumechagua 2008 kwa kuwa ndio mwaka Shirika la Afya Duniani lilipozindua mpango wa mhGAP, wenye lengo la kufikisha huduma za afya ya akili kwenye nchi zenye wataalamu wachache. Msomaji anaweza kulikataa chaguo hilo, lakini angalau ana kitu cha kukikataa.

Itifaki isajiliwe kabla mchujo haujaanza. PROSPERO, sajili ya itifaki za mapitio ya kimfumo, haipokei mapitio ya wigo, kwa hiyo usipoteze wiki kusubiri jibu lake. Weka itifaki kwenye OSF, jukwaa la wazi la mtandaoni la watafiti, ambako itapata tarehe na kiungo cha kudumu. Andika kwa kufuata PRISMA-ScR ya mwaka 2018, orodha ya mambo ya kuripoti katika mapitio ya wigo, tangu sasa, ingawa orodha hiyo imetengenezwa kwa ajili ya ripoti ya mwisho. Vipengele vyake 20 vya lazima vitakuonyesha mapema ni maamuzi gani utadaiwa baadaye.

Hatua ya 2: Vigezo, hasa pale mpakani

Kuandika "wasichana wa miaka 10–19" huchukua nusu dakika. Kazi yenyewe ni kuamua juu ya makala zinazokanyaga mstari, na katika mada hii ndizo nyingi.

*Umri.* Tafiti nyingi za vijana huchukua miaka 15–24, nyingine 13–21 kwa kuwa sekondari zetu zina wanafunzi waliochelewa kuanza au waliorudia darasa. Ukisema makala iingie tu iwapo washiriki wote wako ndani ya 10–19, utapoteza sehemu kubwa ya tafiti za shule. Ukisema makala yoyote yenye msichana mmoja wa miaka 19 iingie, utabeba tafiti za wanafunzi wa vyuo vikuu. Tunapendekeza ngazi, zisomwe kwa mpangilio huu:

1. Washiriki wote wako ndani ya 10–19: inaingia.
2. Umri unavuka, lakini kuna matokeo yaliyotengwa kwa kundi lililo ndani ya 10–19 (kwa mfano 15–19): inaingia, na unachota kundi hilo tu.
3. Matokeo hayajatengwa, lakini wastani wa umri au umri wa katikati ni miaka 19 au chini: inaingia ikiwa na alama ya "umri mchanganyiko", na katika ripoti inahesabiwa kando.
4. Zaidi ya hapo: inatoka.

Ngazi ya tatu ndiyo itakayobishaniwa. Makala ya wasichana wa miaka 15–24 yenye wastani wa 18.6 inaweza kuwa na washiriki wengi waliovuka 19, na wastani hautakwambia. Ndiyo maana alama ile ni ya lazima: anayesoma matokeo aweze kuziondoa makala hizo na kuona kama picha inabadilika.

*Jinsia.* Kanuni inayofaa ni kwamba makala ya wasichana na wavulana inaingia pale tu inapotoa takwimu au nukuu za wasichana peke yao, hata kama ni mstari mmoja kwenye jedwali la tatu. Sentensi ya "jinsia haikuwa na uhusiano na sonona" haitoshi, kwa sababu inalinganisha makundi mawili bila kusema lolote juu ya hali ya wasichana. Kwa tafiti za mahojiano, angalia kama nukuu zimewekewa jinsia ya msemaji. Ujue pia kwamba ikisiri ni nadra kuonyesha haya. Kwa hiyo makala yoyote ya vijana wa jinsia zote ipite mchujo wa kwanza na iamuliwe kwenye matini kamili. Hii itaongeza mzigo wa kusoma, na ratiba yako iuhesabu tangu mwanzo.

*Nani anazungumza.* Utakutana na tafiti ambazo walimu, mama wazazi au wahudumu wa afya ndio wanaohojiwa kuhusu wasichana. Zikubali endapo wasichana wa umri huo ndio mada, kisha zioneshe kwenye safu yake ya jedwali. Ukizichanganya na sauti za wasichana wenyewe utatoa picha ya kwamba wasichana wamesikilizwa zaidi ya ilivyo.

*Dhana.* Tenga makundi matatu. La kwanza ni dalili na magonjwa: sonona, wasiwasi uliokithiri, kiwewe, kujidhuru, mawazo ya kujiua. La pili ni ustawi wa kisaikolojia uliopimwa au kuchunguzwa wenyewe. La tatu ni namna watu wanavyoeleza dhiki kwa lugha zao, kama "mawazo mengi" au "kufikiri sana". Hili husahaulika, na tafiti zake hazina neno sonona popote.

Halafu kuna mpaka unaovuja: kujithamini, aibu ya hedhi, unyanyapaa wa mimba za shuleni, unyanyapaa wa VVU. Kila moja inagusa akili bila kuwa afya ya akili. Kanuni yetu: inaingia ikiwa kipengele kimojawapo cha makundi matatu kimepimwa au kimekuwa mada ya uchambuzi. Kama kimetajwa kwenye mjadala tu, inatoka. Matumizi ya vileo na dawa za kulevya yafuate kanuni hiyohiyo. Kifafa nacho kiandikiwe uamuzi waziwazi, kwa sababu katika eneo hili mara nyingi kinatibiwa kwenye kliniki za afya ya akili, na mhGAP yenyewe inakijumuisha. Sisi tunakiondoa kwa kuwa ni ugonjwa wa mfumo wa neva, isipokuwa utafiti umepima pia sonona au wasiwasi kwa wasichana wenye kifafa.

*Rasilimali haba.* Hapa pana mtego wa aina mbili. Ukitegemea orodha ya Benki ya Dunia, kumbuka hupangwa upya kila Julai 1, na nchi huhama. Tanzania ilihamia kipato cha chini-kati Julai 2020. Itifaki inayosema "nchi za kipato cha chini" bila kutaja mwaka itamwacha mchujaji na makala ya Tanzania iliyochapishwa 2022 kwa data ya 2018, asijue aipeleke wapi. Taja nchi kwa majina, na kama ni lazima utumie orodha, sema unahesabu mwaka wa kukusanya data.

Mtego wa pili ni kutaka mchujaji apime umaskini wa mahali. Shule ya ada kubwa ya Nairobi iko Kenya sawa na mtaa wa Kibera ulivyo Kenya, lakini ikisiri haitakuambia ipi ni ipi. Acha nchi iwe kigezo cha mchujo, kisha aina ya mahali iwe safu ya jedwali: kijiji, mtaa usiopimwa, kambi au makazi ya wakimbizi kama Kakuma, Nyarugusu na Bidibidi, mji mwingine, haikutajwa. Ukifanya hivyo unaweza kusema mwishoni ni tafiti ngapi kweli zilifanyika penye uhaba, badala ya kudhani tangu mwanzo kwamba zote zilikuwa huko.

*Aina ya chapisho.* Tafiti za takwimu, za mahojiano, mseto, tasnifu na ripoti za mashirika zenye maelezo ya mbinu ziingie. Mapitio mengine yasihesabiwe, ila orodha zao za marejeo zipekuliwe. Muhtasari wa kongamano bila matini kamili utoke, kwani hauna cha kujaza jedwali. Lugha ziwe zile ambazo timu inazisoma kweli. Kwa nchi hizi tatu Kiingereza na Kiswahili vinatosha.

Hatua ya 3: Utafutaji

Kosa linalojirudia kwenye hifadhidata ya PubMed ni kutumia kichujio cha `Adolescent` peke yake. PubMed inahesabu `Adolescent` kuwa miaka 13–18. Wasichana wa 10–12 wako chini ya `Child`, na wa 19 wako chini ya `Young Adult`. Vilevile, `Depression` kama dalili haimo ndani ya mti wa `Mental Disorders`. Lazima uiandike yenyewe. Na usilazimishe neno la kike: makala ya vijana wote yenye jedwali zuri la wasichana inaweza isiwe na neno hilo kwenye ikisiri.

```
("Adolescent"[Mesh] OR "Child"[Mesh] OR "Young Adult"[Mesh]
 OR adolescen*[tiab] OR teen*[tiab] OR girl*[tiab])
AND ("Mental Disorders"[Mesh] OR "Depression"[Mesh]
 OR "Mental Health"[Mesh] OR "Self-Injurious Behavior"[Mesh]
 OR depress*[tiab] OR anxi*[tiab] OR suicid*[tiab]
 OR distress[tiab] OR "thinking too much"[tiab])
AND (Kenya*[tw] OR Uganda*[tw] OR Tanzania*[tw] OR Zanzibar*[tw])
AND 2008:3000[dp]
```

Kabla ya kuridhika, chagua makala nane hadi kumi ambazo unajua zinastahili kuingia, uone kama mfuatano huu unazileta zote. Iliyokosekana ifungue, uangalie maneno yake, uongeze linalokosekana. Rudia utafutaji kwenye hifadhidata za PsycINFO na African Journals Online. Hii ya pili ina majarida mengi ya kanda yasiyopatikana kwenye PubMed. Katika African Journals Online mfuatano mrefu haufai. Tafuta kwa jozi fupi za maneno na uandike kila jozi pamoja na tarehe yake.

Hatua ya 4: Jaribio la mchujo

JBI inapendekeza wachujaji wajaribu vigezo kwa sampuli ya ikisiri 25, na wasianze kazi hadi wakubaliane kwa angalau asilimia 75. Ushauri ni mzuri, ila asilimia inaweza kudanganya. Tuseme kati ya ikisiri 25, wachujaji wote wawili wameondoa 20 zisizo na uhusiano wowote na mada. Zilizobaki tano, mmoja amekubali tatu na mwingine amekubali mbili tofauti. Makubaliano ni asilimia 80, yamevuka kiwango, lakini hakuna hata ikisiri moja waliyoikubali pamoja. Kapa ya Kohen, kipimo cha makubaliano kinachotoa yale ya kubahatisha, kwa hesabu hiyo inatoka takriban –0.11, yaani mbaya kuliko kubahatisha.

Dawa yake ni kuchanganya sampuli kwa makusudi: ikisiri 10 za mpakani, 15 za bahati nasibu. Wachujaji wafanye kazi bila kuoneshana maamuzi (kwenye programu ya mchujo ya Rayyan acha `Blind` ikiwa imewashwa), kisha wakae na zile walizotofautiana tu. Kila tofauti iishie kwenye neno jipya ndani ya kigezo. Mkikubaliana kwa mdomo bila kuandika, mtabishana tena kwenye ikisiri ya 400.

Kwenye matini kamili, sababu ya kuondoa iwe moja na ichaguliwe kwa mpangilio uliowekwa: nchi, umri, jinsia, dhana, aina ya chapisho. Inayokwama kwanza ndiyo inayoandikwa. Bila mpangilio huo, makala ileile mmoja atasema "umri" na mwingine "dhana", na chati yenu ya mtiririko haitajumlika.

Hatua ya 5: Jedwali la kuchotea data

Kila safu ya jedwali ijibu kipande cha swali. Safu ambayo huwezi kusema itatokea kwenye jedwali gani la ripoti, ifute. Mengi ya safu ni ya kawaida: mwandishi, mwaka wa kuchapishwa, nchi, mbinu. Zile zinazosumbua katika mada hii ni hizi:

| Safu | Unachojaza | Kosa la kawaida |
|---|---|---|
| Mwaka wa data | Mwaka data ilipokusanywa | Kunakili mwaka wa kuchapishwa |
| Idadi ya wasichana | Waliochambuliwa, si walioalikwa | Kuandika jumla ya washiriki wote |
| Umri | Mdogo–mkubwa, wastani, ngazi 1–3 | Kuandika "vijana" |
| Hali ya wasichana | Wajawazito, mama, wenye VVU, wakimbizi, nje ya shule, jumla | Kuacha wazi wakiwa mchanganyiko |
| Kipimo | Jina, idadi ya maswali, lugha, alama ya ukomo | Kuandika jina pekee |
| Uthibitisho | Kundi hili / kundi jingine / hapana / haikutajwa | Kujaza "ndiyo" |
| Msemaji | Msichana, mzazi, mwalimu, mhudumu | Kudhani ni msichana |
| Hatua za usalama | Walifanya nini msichana aliposema anawaza kujiua | Kunakili namba ya kibali cha maadili |

Safu ya kipimo ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. PHQ-9, dodoso la dalili za sonona, ina maswali tisa na alama 0–27, na wengi hutumia 10 kama ukomo. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na baadhi ya tafiti za shuleni huliondoa. Hapo kipimo kimekuwa cha maswali manane na alama 0–24, hata kama kichwa cha makala bado kinasema PHQ-9. SDQ ya kujijazia, dodoso la tabia na hisia za watoto na vijana, imetengenezwa kwa miaka 11–17, kwa hiyo ikitumika kwa wasichana wa 18–19 andika hivyo. Na popote utakapoona asilimia iliyotokana na dodoso, chota "waliovuka ukomo wa dalili", usichote "wagonjwa wa sonona". Dodoso la mchujo halitoi utambuzi, hata kama mwandishi wa makala ameandika kana kwamba linatoa.

Tuone makala moja ya kubuni. Utafiti wa sekondari za kutwa Tanzania una wanafunzi 612, wasichana 340, umri 14–21, wastani 16.9. Umetumia PHQ-9 ya Kiswahili bila swali la tisa, ukomo 10. Unasema asilimia 22 ya wanafunzi wana sonona, na jedwali lake linaonyesha wasichana 92 wamevuka ukomo. Kuhusu uthibitisho, unataja utafiti uliofanyika kwa watu wazima kliniki.

Katika jedwali: idadi ya wasichana ni 340. Umri 14–21, wastani 16.9, na kwa kuwa matokeo ya 14–19 hayajatengwa, ni ngazi ya 3. Kipimo: PHQ-9 iliyopunguzwa, maswali 8, Kiswahili, ukomo 10. Uthibitisho: kundi jingine. Matokeo: 92 kati ya 340 walivuka ukomo wa dalili, sawa na asilimia 27, ile 22 ni ya wanafunzi wote na haiingii. Hatua za usalama: haikutajwa. Hiyo ya mwisho inaweza kuonekana ndogo, lakini ukijumlisha makala zote itakuonyesha ni tafiti ngapi ziliondoa swali gumu na ngapi ziliuliza zikiwa na mahali pa kumpeleka aliyejibu ndiyo.

Tofautisha daima "haikutajwa" na "haihusiki", na usiache kisanduku tupu. Kisanduku tupu miezi mitatu baadaye hakuna atakayejua kama makala ilikaa kimya au mchotaji alisahau. Makala mbili au tatu za utafiti mmoja ziunganishwe chini ya namba moja ya utafiti. La sivyo wasichana walewale 340 watahesabiwa mara tatu. Dalili za utafiti pacha ni shule zilezile, miezi ileile ya data na waandishi wanaojirudia, hata kama idadi ya washiriki inatofautiana kidogo.

Jaribuni jedwali kwa makala tano hadi kumi, watu wawili wakichota kila moja bila kushauriana. Chagueni za aina tofauti: moja ya mahojiano, moja ya kambi ya wakimbizi, moja ya wajawazito, moja ya afua. Mkichagua tafiti za shule pekee, jedwali litaonekana limekamilika hadi siku mtakapofungua mahojiano ya kwanza.

Tathmini ya ubora wa tafiti si lazima katika mapitio ya wigo. Kama hutaitumia kuamua lolote, usiiahidi kwenye itifaki, utalazimika kuifanya.

Hatua ya 6: Mabadiliko

Jedwali litabadilika, na hilo linaruhusiwa. Weka ukurasa wa mabadiliko wenye tarehe, safu iliyoguswa, sababu, na idadi ya makala zilizokwisha kuchotwa siku hiyo. Mkiongeza safu ya "nani aliendesha afua" baada ya makala 18, rudini kwenye hizo 18 na kuijaza kabla ya kufungua ya 19, kisha pakieni toleo jipya la itifaki kwenye OSF bila kufuta la zamani. Kigezo cha kujumuisha kikibadilika kazi ni kubwa zaidi: makala zote zilizoondolewa kwa sababu hiyo zifunguliwe upya, na ndipo mtakapofurahi kwamba kila moja ilipewa sababu moja tu.